Nimekula, Mama, Lakini Sijashiba: Historia ya Hezekiah Macharia Gathogo

Mchungaji, wazee, majirani zetu wa Isiolo, walio wa salaam aleikum nawaambia salaam aleikum, na walio wa habari nawauliza habari, ingawa habari yenyewe mnaiona hapa mbele yetu. Mimi ni Mugure, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome, kwa sababu mama hawezi, na Florence, mjane wake, amesema akisimama ataanguka.

Hezekiah Macharia Gathogo alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, hapa hapa Isiolo mjini, nyuma ya duka la baba yetu, marehemu mzee Gathogo, akiwa mtoto wa pili wa mama yetu Nyaguthii, na wanaomkumbuka mdogo wanasema alikuwa mtoto wa kula, kiasi kwamba akitoka kwetu ameshiba alipitia kwa jirani yetu Mama Abiba kunywa maziwa ya ngamia, akarudi akiapa kwamba hajaonja kitu, na mdomo wake unanuka moshi wa kibuyu.

Alianza shule ya msingi hapa mjini mwaka 1957, akamaliza 1964, kisha akapelekwa Nanyuki kujifunza umakanika kwenye gereji, ambako alipata ujuzi wa injini kubwa, na pia gitaa, ambalo baba alilichukia hadi siku aliposikia watu wa kanisa wakilisifu, ndipo akaanza kusema kipaji hicho kimetoka upande wake. Mwaka 1970 aliajiriwa kwenye kambi ya barabara ya kwenda Marsabit, akitengeneza matingatinga, na kule ndiko alikofahamiana na Roba, kijana wa Kulamawe, ambaye hawakuachana tena.

Tarehe 18 Desemba 1971, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Florence katika kanisa hili, na Mungu akawajalia watoto wawili, Gathogo, aliyezaliwa 1973, na Nyaguthii, aliyezaliwa 1976, wote wako hapa.

Barabara ilipokwisha kazi ikaisha, na mwezi wa Januari 1978 yeye na Roba walipata kandarasi ya umakanika huko Jeddah, nchi ya Saudia, na tangu hapo ndugu zangu, maisha yake yote na sisi yalipita ndani ya waya. Mnajua ilivyokuwa, alituma telegramu kutaja siku, nasi tukaenda posta Jumamosi hiyo tangu asubuhi, tukakaa kwenye benchi mpaka Qabale wa ubao wa simu achomeke nyaya zake, aite Nanyuki, Nanyuki waite Nairobi, Nairobi waite ng'ambo, halafu ghafla atoe kichwa dirishani apige kelele, Mama Macharia, kibanda, ingia haraka, dakika ni tatu!

Na katika dakika hizo tatu mama na Hezekiah walikuwa wanagongana kwa maneno. Sauti ilipanda mpaka kwenye setilaiti ndipo ikashuka, kwa hiyo ulichosema kilichelewa kumfikia, naye akidhani umenyamaza akaanza kusema, maneno yake yakakutana na yako njiani, wote mkanyamaza kwa heshima, kisha wote mkaanza tena pamoja. Mama, ambaye swali lake la kwanza kwa binadamu yeyote ni kama amekula, alikuwa anauliza huku mwanawe bado anasalimu, hasikiki, anauliza tena kwa nguvu, na mara Qabale anasema muda umekwisha, mama anatoka kibandani bila kujua kama mtoto wake amekula au hajala.

Hiyo ndiyo sababu ya wimbo. Mwaka 1980 Roba alikuja likizo na kaseti, na ndani yake Hezekiah anaimba na gitaa lake katika chumba cha kambi, hata feni inasikika, na nitawasomea ubeti mmoja tu:

Maharagwe yako mekoni, chapati juu ya sahani,
Maziwa ya Mama Abiba yananuka moshi kibuyuni,
Gathogo kamwaga mchuzi, Florence yuko kicheko,
Nami nina mkate baridi na Jumamosi iko mbali.

Hapo gitaa linanyamaza. Mara ya kwanza tulidhani kaseti imekwaruzika, lakini Roba akatueleza kwamba nafasi ile ni ya mama, aulize hapo, umekula, halafu angoje, na kweli ukingoja kidogo Hezekiah anajibu, nimekula, mama, lakini sijashiba. Kila ubeti una chakula chake na kila ubeti una nafasi hiyo. Mama alijifunza kwa kaseti, jioni mezani, sisi tukicheka na yeye hacheki, na simu iliyofuata, Qabale alipounganisha, Hezekiah hakusalimu, alinyamaza, mama akauliza, akangoja, na jibu likaja zima, likiwa safi kama yuko chumba cha pili. Kuanzia siku hiyo hawakugongana tena, mama ndiye aliyeanza, kila simu, kwa swali lile lile.

Alikuja likizo mara moja, Agosti 1981, akanenepa mwezi mmoja, akarudi kazini. Novemba 1983 alianza kuumwa koo, chakula kikawa hakipiti, na madaktari wa Jeddah wakasema ni saratani, imekwisha kuenea mwilini, na kwamba safari ya ndege haiwezi.

Jumamosi, tarehe 4 Februari mwaka huu, Roba alitupigia kutoka hospitali, nami niliingia kibandani na mama, sikio langu karibu na lake. Roba alisema kwa upole kwamba mgonjwa hajameza kitu wiki nzima, hata maji anapewa kwa mpira, kisha akasema, sasa namwekea simu. Mama alifungua mdomo, kisha akaufunga. Angemwuliza vipi mtu wa hali hiyo kama amekula? Aliniangalia mimi. Tulisikia pumzi yake, naye nadhani alisikia zetu, na dakika tatu zikapita hivyo, Qabale akaongeza kidogo kwa huruma yake, na laini ikakatika. Roba, aliyerudi na mwili, ametuambia kwamba Hezekiah alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili akingoja, na ilipozima akasema, kwa sauti ndogo, hajauliza. Alifariki Alhamisi, tarehe 9. Posta tulienda tena kuomba laini, haikupatikana, na mimi mpaka leo sijui tungefanya nini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa huko ng'ambo, ambao hatutawaona, wafanyakazi wenzake waliochangia ndege ya mwili, Roba, ambaye hakulala, Qabale wa posta, Mama Abiba na majirani wote waliopika siku hizi, na kanisa. Asante ni neno dogo, lakini ndilo tulilo nalo.

Kabla ya kwenda kaburini Gathogo atawasha kaseti. Wengi wenu mnaujua wimbo na mtatamani kuitikia, lakini tunaomba, gitaa likinyamaza, mtu yeyote asiimbe na asikohoe, hata watoto muwakumbatie, kwa sababu mama amesema nafasi ile ni yake na ana swali hajauliza. Naye Hezekiah atamjibu, maana kaseti haijui kwamba amekufa.

Ndugu yangu, ngoja kidogo, mama anakuja. Pumzika kwa amani.