Fundi Bati na Sanduku Lenye Kioo

Kaka yetu, ambaye wote mlimwita Fundi Bati, alizaliwa tarehe 9 Februari 1961, mtoto wa pili wa mfinyanzi na mshona magunia. Mimi ni kitinda mimba wao, ndiyo maana kusoma wasifu huu kumeniangukia. Wakubwa wamesema wana haya. Mimi haya zangu zimekwisha.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini akamaliza mwaka 1975. Mwalimu wake alisema ana akili, ila anauliza mno. Ugonjwa huo haukupona.

Alijifunza ufundi kwa mjomba, kukata bati, kukunja na kuunga kwa risasi iliyoyeyushwa. Ndoo, karai na makopo ya kumwagilia mlizo nazo majumbani, nyingi zimepita mikononi mwake. Mwaka 1986 alimwoa shemeji yetu. Shemeji alipeleka ndoo kutengenezwa, akaambiwa arudi kesho, na kesho tena. Mama yetu akamuuliza kaka, "Hiyo ndoo ina nini?" Haikuwa na tundu hata moja.

Mwaka 2003, akigonga bati huku redio imefungwa mpira juu ya meza, alisikia neno demokrasia. Akazima jiko, akaenda kuwauliza wazee barazani.

Wa kwanza akasema, "Hayo mambo ya mjini, Fundi."

Wa pili akasema, "Ni kila mtu kujisemea atakavyo."

Wa tatu, Mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyeshika funguo za pampu tangu kisima kichimbwe, akacheka. "Ni kukubaliana. Na sisi tumeshakubaliana."

"Lini?" kaka akauliza. "Na muda wenu unakwisha lini?"

Wazee wakaendelea na bao lao. Akarudi kwenye redio, akasikiliza vipindi mpaka akaelewa. Kiongozi huchaguliwa kwa muda maalumu, na ukiisha huomba upya. Sanduku hufunguliwa mbele ya watu waone ni tupu, kisha hufungwa. Kila mgombea huweka wakala wake. Mtu hupiga kura peke yake nyuma ya pazia, na kura huhesabiwa hadharani, moja moja. Anayeshindwa hukubali, lakini hanyimwi mdomo wala maji.

Alipowaeleza, wazee walikubali uchaguzi wa kamati ufanyike hivyo hivyo. Kaka akatengeneza sanduku la bati, upande mmoja akautia kioo. Mlipita karakanani mkamwambia, "Fundi, kura yetu ni yako." Aliyempendekeza alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Leo yupo hapa. Amekuja kutimiza hiyo nusu ya pili.

Siku yenyewe, sanduku likiwa mezani na pazia limetundikwa, Mwenyekiti alisimama, funguo mkononi. "Ndugu zangu, sisi ni familia moja. Pazia la nini? Mwenye kutaka kujificha ana lake jambo. Wanaokubali tupange mistari, wanyooshe mikono."

Kaka akapaza sauti: "Siri ni ya yule atakayechota maji kesho! Mnamwondolea siri kwa kura ambayo yenyewe si ya siri?"

Mikono ikapanda. Mistari ikapangwa. Nyuma ya Mwenyekiti watu walifika mpaka kwenye josho. Nyuma ya kaka tulisimama shemeji na mimi. Rafiki alitupita akitazama viatu vyake. Kaka akamwita, "Ndugu yangu, umekosea mstari." Hakugeuka.

Hata hivyo kaka alikwenda akampa Mwenyekiti mkono. "Nimeshindwa, nakubali. Niambie tu muda wako unakwisha lini."

"Tutaangalia," Mwenyekiti akajibu. Sanduku akalichukua, ati alitunze kwa uchaguzi ujao. Kila mwaka kaka alikwenda kuuliza tarehe, na kila akitoka kuuliza, pampu iliharibika ikifika zamu ya nyumba yake. Shemeji akawa anachota mtoni.

Mwaka jana alianza kuugua figo. Alilazwa hospitali ya wilaya, akaruhusiwa, akalazwa tena. Tulipokuwa tukienda kumwona, kabla ya salamu alikuwa akiuliza, "Wameshatangaza?" Shemeji akimjibu, "Bado, baba watoto." Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Juni 2024.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, ndugu zake wa kiume na dada mmoja, huyu mnayemsikia. Tunawashukuru wauguzi, na jirani aliyetupa maji ya kuoshea mwili, kwa kuwa jana pia pampu iliharibika.

Na ameacha sanduku. Nimelitoa leo asubuhi uani kwa Mwenyekiti, kuku alikuwa akilalia mayai ndani. Nimeliosha, lipo hapo kando ya jeneza. Kabla hatujamshusha, piteni mtazame kupitia kioo, kama alivyotaka, mhakikishe ni tupu. Kisha mtuambie tarehe, na yeye asikie.

Pumzika, kaka. Huko uliko, natumaini hakuna anayeshika funguo peke yake.