Mlango Uko Hatua Ishirini

MWINYIMVUA: Haloo, nani mwenzangu? Namba siijui hii.

MWAIJA: Mimi Mwaija. Shikamoo, mjomba.

MWINYIMVUA: Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo? Huko Bagamoyo kwema?

MWAIJA: Kwema, mjomba, tena —

MWINYIMVUA: Na baba yako, kile kifua —

MWAIJA: Wote wazima, mjomba, naomba twende fasta! Simu ya Bi Miza hii, anayeuza mihogo getini. Tuko mapumziko. Kengele ikilia naingia kuhutubia, kuomba kura za mwakilishi wa darasa.

MWINYIMVUA: Subiri nizime cherehani. Haya. Hotuba niliyokuandikia unayo?

MWAIJA: Ninayo, mjomba.

MWINYIMVUA: Mkononi?

MWAIJA: ...Nyumbani.

MWINYIMVUA: Nyumbani! Nimekesha naiandika, nimeacha suruali za watu hazina pindo!

MWAIJA: Mjomba, ni kurasa nne. Tunapewa dakika moja. Umeanza mwaka elfu moja mia nane themanini na nane. Nimeisoma kwa sauti. Wajerumani wanatwaa forodha ukurasa wa kwanza, wanapiga mji mizinga wa pili, wa tatu unawatukana. Mimi mgombea naingia ukurasa wa nne, karibu na chini.

MWINYIMVUA: Kwani uongo? Si walikuja hapo hapo Bagamoyo, wakapandisha bendera, hawakumuuliza mtu? Babu wa babu yangu aliyaona kwa macho yake! Mtu asiyejua alichonyang'anywa ataombaje arudishiwe?

MWAIJA: Anaomba kwa sekunde sitini, mjomba. Mwalimu Husseni ana saa mkononi na kengele mezani. Ya sitini ikifika anapiga, unakaa. Hata kama mdomo uko wazi.

MWINYIMVUA: Hee. Wenzako wamekwisha sema?

MWAIJA: Wawili, kabla ya mapumziko. Tuliokota vikaratasi vya zamu, mimi wa tatu, wa mwisho. Wa kwanza Himid, yule wa duka la vitambaa.

MWINYIMVUA: Mtoto wa Saleh. Kaahidi nini?

MWAIJA: Basi la shule. Kiyoyozi darasani. Na safari ya Unguja.

MWINYIMVUA: Kiyoyozi! Darasa lenu lina umeme?

MWAIJA: Lina waya, mjomba. Umeme wenyewe tunausikia tu kwa watu.

MWINYIMVUA: [anacheka] Na wakapiga makofi?

MWAIJA: Mpaka vumbi likashuka darini. Wa pili Seleman. Seleman kasimama kwa adabu zote. Kasalimu kwa dini, kamwamkia mwalimu, kamwamkia mwalimu wa zamu ambaye hayupo, kawaamkia wazazi waliotuzaa, kamshukuru mkuu wa shule, makamu, mtunza stoo, mama lishe... kafika kwa mlinzi, kengele ikalia.

MWINYIMVUA: Sera zake?

MWAIJA: Ndizo hizo. Amekaa anatabasamu, anadhani kapatia.

MWINYIMVUA: Hayo ndiyo yetu watu wa pwani. Tutazikwa tunaamkiana. Sasa wewe, usimwamkie mtu! Simama, piga meza, sema: mlango wetu umeibwa na wal—

MWAIJA: Mjomba! Mwalimu Husseni ndiye msimamizi wa uchaguzi. Nikisema "umeibwa" ananifuta kwenye karatasi papo hapo. Kosa la utovu wa nidhamu.

MWINYIMVUA: Na kuung'oa mlango wa choo cha watoto wa kike ni nidhamu?

MWAIJA: Waliuazima. Mwezi wa tatu, siku ya mkaguzi. Choo cha walimu hakikuwa na mlango, wakaogopa mgeni ataona.

MWINYIMVUA: Mkaguzi aliondoka lini?

MWAIJA: Siku ile ile. Saa saba.

MWINYIMVUA: Na leo mwezi wa nane. Wao wakiazima huwa hivyo. Hata forodha iliazimwa! Ilikuwa kwa mkataba, kwa wino —

MWAIJA: Mjomba, karne ile iache kwanza.

MWINYIMVUA: Sisi tunajisitiri na nini siku hizi?

MWAIJA: Nani "sisi", mjomba? Wewe uko Mlingotini. Sisi tuna gunia. Upepo ukivuma si letu tena. Wavulana wanapita pale kwenda uwanjani.

MWINYIMVUA: Haloo?

MWAIJA: Nipo.

MWINYIMVUA: Mama yako alinambia umekosa shule siku kumi na moja tangu mwaka uanze. Alisema kichwa.

MWAIJA: Ndiyo. Kichwa.

MWINYIMVUA: Kila mwezi?

[mtandao unakwaruza]

MWAIJA: Kila mwezi, mjomba. Si mimi tu. Na baada ya likizo ni mitihani, ukikosa siku ishirini hawakusajili. Nimebakiwa na tisa.

MWINYIMVUA: ...Haya. Haya, mwanangu. Nisomee yako. Nina saa ukutani, ina mkono wa sekunde. Dakika ni kipande cha kitambaa, mteja ameleta kimoja tu, ukikata vibaya hakuna cha kuungia. Nisomee.

MWAIJA: Usinikatize.

MWINYIMVUA: Sikukatizi. Mkono ukifika juu... sasa!

MWAIJA: Mwalimu, wenzangu wa kidato cha tatu, asalaam aleikum. Mimi ni Mwaija Bwanausi, namba tatu kwenye karatasi. Siahidi basi, mwakilishi wa darasa hana basi. Ana kiti kimoja kwenye baraza la wanafunzi, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Nitakitumia hivi. Maji ya kunywa: pipa lenye bomba lipo stoo, halina kazi. Nitaomba liletwe mlangoni kwetu, na zamu ya kujaza inaanza na jina langu. Vitabu vya hesabu: viko ishirini, sisi sitini, vinalala kabatini vimefungwa. Nitaomba tuviazime mchana, kwa orodha, vikipotea niulizwe mimi. Mlango wa choo cha wasichana: haujapotea. Uko hatua ishirini kutoka pale unapotakiwa, bado umeandikwa WASICHANA, na wanaoutumia wana ndevu —

MWINYIMVUA: [anacheka kwa nguvu] Wana ndevu!

MWAIJA: Umenikatiza!

MWINYIMVUA: Nisamehe, endelea, endelea, mkono unakwenda!

MWAIJA: Nitaomba urudi. Jibu likiwa ndiyo au hapana, litaandikwa kwenye kumbukumbu za baraza, nami nitawasomea hapa hapa. Mkinichagua, Jumatatu hiyo niulizeni. Ahsanteni.

MWINYIMVUA: Sitini na nne. Nne zangu, nilizocheka. Na darasa likicheka?

MWAIJA: Kweli. Nitasimama wakicheka, na saa haisimami. Nitoe nini?

MWINYIMVUA: Toa ndevu.

MWAIJA: Ah, mjomba! Ndiyo tamu yenyewe.

MWINYIMVUA: Nasema mimi niliyecheka. Wana ndevu itakuletea makofi ya wavulana, halafu mwalimu atapata sababu ya kukufuta. Sema "na wanaoutumia si wasichana". Watacheka wenyewe kimoyomoyo. Na ile "nitaomba, nitaomba" —

MWAIJA: Siwezi kusema "nitaleta". Sina funguo ya stoo wala ya kabati. Mwakilishi anapeleka hoja, baraza linaijadili, mkuu ndiye anayejibu. Himid akishinda atarudi kwetu bila basi na hakuna atakayemuuliza, sababu hakuna pahala lilipoandikwa. Mimi nataka iandikwe. Tarehe, hoja, jina la aliyejibu.

MWINYIMVUA: Jina la aliyejibu! Nimeandika barua kumi na saba kwa halmashauri juu ya kisima chetu, sijawahi kuwaza kuomba jina la aliyejibu.

MWAIJA: Walikujibu?

MWINYIMVUA: Wewe endelea na yako.

MWAIJA: Kengele! Mjomba, naingia —

MWINYIMVUA: Pumua kabla hujasema jina lako! Na usiangalie saa yake —

MWAIJA: Bi Miza, shika, ahsante —

MWINYIMVUA: Mwaija! Haloo?

MIZA: Kashakimbia, baba. Mimi Miza.

MWINYIMVUA: Shikamoo, bibi. Mjomba wake mimi, fundi wa nguo wa Mlingotini.

MIZA: Marahaba. Nimekusikia, sauti yako haihitaji simu.

MWINYIMVUA: Bibi, darasa lao liko mbali na hapo ulipo?

MIZA: Dirisha hili hapa, ng'ambo ya uzio. Halina vioo wala mbao, nawaona mpaka meno.

MWINYIMVUA: Usikate simu. Nipe khabari.

MIZA: Salio ni langu, fundi.

MWINYIMVUA: Nitakushonea gauni.

MIZA: Lenye mifuko. Haya... Wanakaa. Mwalimu kavua saa kaiweka mezani. Kashika kengele. Mtoto kasimama. Mbona hasemi?

MWINYIMVUA: Anapumua.

MIZA: Ehe, kaanza. Kasalimu mara moja, basi.

MWINYIMVUA: Nami nahesabu. Nne... tano...

MIZA: Kasema haahidi basi la shule... wamezomea kidogo, wale wa nyuma, upande wa Himid. Hajali. Sasa pipa. Pipa kweli lipo, mimi nililiona likishushwa. Anasema vitabu... sasa wamenyamaza, fundi. Hata yule mnene kaacha kutafuna.

MWINYIMVUA: Thelathini na moja. Kafika mlangoni?

MIZA: Kafika. "Hatua ishirini kutoka pale unapotakiwa." Yarabi, mwalimu kageuka anatazama kile choo chao walimu. Watoto wote nao wamegeuka. "Bado umeandikwa —" [kengele inasikika kwa mbali]

MWINYIMVUA: Hiyo nini?

MIZA: Kapiga kengele.

MWINYIMVUA: Kapiga nini! Thelathini na nane! Bibi, ni thelathini na nane, nimehesabu mimi kwa macho yangu! Nenda dirishani umwambie, mwambie kuna shahidi Mlingotini —

MIZA: Usinipigie kelele, sisikii! Mwalimu anamwonyesha kiti. "Muda umekwisha, kaa."

MWINYIMVUA: Kakaa?

MIZA: Hajakaa. Kanyamaza tu. Kasimama.

MWINYIMVUA: Wezi! Tangu zamani, wakiona neno linafika kwenye jina lao —

MIZA: Shh! Kuna binti kainuka dawati la mbele, ana saa. Anasema... "thelathini na tisa." Kasema tu hivyo. "Arobaini." Mwingine naye. Fundi, wanahesabu. Mabinti wanahesabu kwa sauti!

MWINYIMVUA: Mwalimu je?

MIZA: Anapiga kengele, wanahesabu juu ya mlio wake. Arobaini na tatu. Sasa na wavulana. Seleman yule wa salamu naye kasimama anahesabu!

MWINYIMVUA: Na Mwaija? Bibi, Mwaija anasema au kanyamaza?

[mlio wa simu: salio linakaribia kwisha]

MIZA: Anasema! Wamepunguza sauti wamsikie. "Nitaomba urudi. Jibu likiwa ndiyo au hapana —"

MWINYIMVUA: Litaandikwa —

MIZA: "— litaandikwa" — hamsini na moja — fundi, mlio huo, salio —

MWINYIMVUA: Ana sekunde tisa! Bibi, nisomee mpaka —

[simu imekatika]