Heshima Haina Nusu: Maisha ya Mzee Kwanini

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kwanini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, akiwa mtoto wa tatu wa mshonaji viatu na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, kisha sekondari hadi 1969. Ripoti yake ya darasa la nne tunayo hadi leo. Mwalimu aliandika: "Ana akili, lakini anauliza mno." Jina lile lilianzia hapo, na yeye alilipenda.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika ofisi ya kazi, akapanda hadi kuwa msuluhishi wa migogoro, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2009. Mgogoro aliopenda kutusimulia ni ule wa wafuaji nguo wa hospitali moja, mwaka 1988. Walikuwa wamegoma siku kumi na moja: kila asubuhi waliingia kazini, lakini hawakufua hata shuka moja. Mkurugenzi alikuwa amepandisha mshahara mara mbili, na kila alipopandisha, hasira zao nazo zilipanda. Baba akashangaa. Badala ya kuwaita mezani, alienda kusimama getini alfajiri. Akaona wafanyakazi wote wakipita lango kuu, isipokuwa wafuaji, ambao walipita lango la taka, wakapekuliwa, na vifuani walivaa namba badala ya majina.

"Kwani nyongeza hamtaki?" akamuuliza mama mmoja mfuaji.

"Tunaitaka, baba. Lakini hata ukinilipa kama daktari, si bado nitaingia na takataka?"

Baba akamfuata mkurugenzi. Akamwambia kwamba mshahara hugawanyika: huyu akitaka ishirini na yule akitoa kumi, watakutana kumi na tano. Heshima haina nusu. Mtu hawezi kukuuzia utu wake, na ukimtajia bei, umemtukana mara ya pili. Mkurugenzi naye akalalamika kwamba mashuka yalikuwa yakiibwa. Baba hakumpuuza, kwa sababu hofu ya kuibiwa nayo ni hitaji la usalama. Alisema hitaji lenyewe halijadiliwi, kinachojadiliwa ni njia ya kulitimiza. Basi wakakubaliana: lango moja na ukaguzi mmoja kwa wote, mkurugenzi akiwemo, mashuka yahesabiwe kwa kukabidhiana, na vifuani yaandikwe majina. Mkurugenzi hakupoteza chochote kwa kuwatambua wafuaji, na mashuka yakaacha kupotea. Suala la mshahara lilimalizika kwa saa moja tu.

Alimwoa mama yetu tarehe 7 Desemba 1974, ndoa yake pekee. Kwa miaka hamsini walibishana kuhusu chumvi, na sijui nani alishinda.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa hospitalini. Alimhoji daktari wa zamu hadi yule kijana akavuta kiti akakaa. Aliaga dunia tarehe 2 Juni mwaka huu, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Sasa nieleze jambo ambalo halikuwemo katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu. Kila Jumanne, nikiwa kazini, baba alikuwa akitembelewa wodini na fundi umeme mmoja. Ni mtoto wake, aliyezaliwa mwaka 1972, kabla ya ndoa. Juzi tulipokuwa tukiandaa ratiba hii, nilimwahidi kiti cha mbele. Kisha kubeba jeneza. Kisha saa ya mkono ya baba. Nilimpa vyote, mradi asiandikwe kwenye orodha ya watoto. Kila nilipoongeza, alizidi kukasirika.

"Mpe na chumba cha uani, yaishe!" akasema baba mdogo.

"Dada, saa ninayo yangu," fundi akajibu, akainuka.

Mama akanigeukia. "Huyu mimi nilimjua kabla sijaolewa. Wewe ndiye unaogopa. Unaogopa nini?"

Mimi binti wa msuluhishi nilikuwa sijajiuliza. Nikasema ukweli: "Nikimwandika wa kwanza, mimi nitakuwa nani?"

"Kifungua mimba wangu. Hilo nani atakupokonya?" Kisha akamuuliza fundi, "Na wewe, mwanangu?"

"Nikitupa udongo kaburini, mama, watu wasiulize huyu fundi ni nani."

Nikaona aibu, nikachukua kalamu.

Marehemu ameacha mjane, wajukuu tisa na watoto wanne. Wa kwanza ni fundi umeme. Wa pili ni mimi, mwalimu, kifungua mimba wa mama. Wa tatu ni muuguzi, na kitinda mimba ni dereva.

Kaka yangu, simama wakuone.

Baba, sasa pumzika kwa amani. Maswali yaliyobaki tutaulizana wenyewe.