Silabi Niliyoifuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu, Mkuu wa Wauguzi, viongozi wa dini, mafundi mliojenga wodi hii ya wazazi, ndugu wageni waalikwa, na wewe Shangazi yangu uliyekaa safu ya nyuma ingawa kiti chako kiko hapa mbele: hamjambo?

Ratiba inasema nitoe neno la shukrani. Nitalitoa, ila kwanza nina aibu ya kuitua.

Mmepita mlangoni, mmeona shairi lililoandikwa ukutani. Mtunzi ni Shangazi. Kamati ilinikabidhi mimi nilisome na kulipitisha, maana nimefundisha ushairi mpaka nikastaafu. Ubeti wa kwanza unasema:

Mafundi wameijenga, kwa saruji na kwa chuma,
Matofali wamepanga, ukuta ukasimama,
Kina mama na wachanga, wana pa kulala vyema,
Mlango umefunguka, mwenye uchungu ingia.

Nilifurahi! Kila mshororo una vipande viwili, kila kipande mizani nane. Vina vya kati ni *nga*, vya mwisho ni *ma*, na mshororo wa nne ni kibwagizo kinachorudi beti zote. Nikaiandikia kamati: ujumbe wa shairi ni shukrani. Mnajua niliupata wapi ujumbe huo? Kwenye kibwagizo, basi. Miaka yote nimewakataza wanafunzi wasifanye hivyo, halafu mimi nikafanya.

Katika ubeti wa mwisho kibwagizo kilikuwa kimebadilika. Shangazi aliandika “ukifunguka”. Nikasema moyoni, mama wa watu amezeeka, mkono umeteleza. Nikaifuta *ki*, nikaweka *me*, nikampa mchoraji. Sikumpigia hata simu.

Jana kwenye mazoezi Shangazi akaja kulighani. Alipofika mwisho akasema “ukifunguka”. Nikamkatiza mbele ya wauguzi wote.

“Shangazi, ni umefunguka. Kibwagizo hakibadiliki.”

“Nani kakwambia hakibadiliki? Hesabu mizani, mwanangu.”

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la tatu: m-la-ngo-u-ki-fu-ngu-ka. Nane. Hakuna kilichopungua wala kuzidi.

“Haya. Sasa soma mishororo mitatu ya juu yake, uniambie inasema nini kwa maneno yako mwenyewe.”

Nikasoma:

Nyumba mpya nimeona, kuta zake zapendeza,
Ufunguo nani ana, kukishaingia kiza?
Binti alibisha sana, kutani kajiegeza…

Nikaanza kueleza. “Anasema jengo ni zuri. Anauliza nani atashika ufunguo giza likiingia. Anasema binti…”

Ndugu zangu, huyo binti ni binamu yangu. Alikuja kujifungulia kwenye wodi ya zamani, akabisha, mwenye ufunguo hakupatikana. Nilibeba jeneza lake kwa bega hili. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua, ila nilitaka shairi la kupigiwa makofi, na jicho langu likaruka pale palipouma.

*Me* inasema jambo limekwisha. *Ki* inasema bado tunangoja. Beti zote za mwanzo zinatushukuru, kisha silabi moja inageuka na kutuuliza. Na ukirudi nyuma ukijua hivyo, hata ile “ingia” ya ubeti wa kwanza haisikiki tena kama ilivyosikika. Ujumbe wa shairi ni huu: jengo si huduma, mpaka awepo mtu wa kufungua.

Shangazi hakunigombeza. Alikunja miwani yake, akasema, “Ungeniuliza tu, baba,” akaondoka. Afadhali angenitukana.

Nikamfuata Mkuu wa Wauguzi, nikamuuliza swali la ubeti ule: usiku ufunguo anao nani? Akasema, kwa unyoofu ninaomheshimia, “Mwalimu, funguo zote zinakaa ofisini. Na ofisi hufungwa jioni.”

Mnaona? Shairi lilikuwa limeliona hilo, mimi nikalifuta.

Asubuhi hii Mganga Mkuu ametia saini: muuguzi wa zamu atashika ufunguo, na hatakabidhi zamu kabla hajaukabidhi. Mchoraji naye amerudisha *ki* mahali pake. Unaonekana ukutani, weupe wa rangi mpya juu ya ule wa zamani. Nimemwambia asiulinganishe. Waseme wanaopita kwamba hapa kuna mtu aliharibu.

Mafundi, wafadhili, wauguzi, shukrani zetu kwenu ni za kweli, hata Shangazi amezitoa kwa beti nzima. Lakini Mheshimiwa, kabla hujakata utepe nakuomba umsikilize mtunzi mwenyewe.

Shangazi, samahani. Nimekukosea wewe, na nimemkosea binti yako. Njoo uughani ubeti wa mwisho kama ulivyouandika. Safari hii hakuna atakayekukatiza.

Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa tumsikilize yeye.