Tutafutane

Benchi letu limeegemea ukuta kati ya kinyozi na duka la cherehani, mahali ambapo jua la jioni hufika likiwa limechoka kama sisi. Linatosha watu wanne wakibanana. Hakuna anayekaa sana. Kila mmoja huiba dakika chache kati ya kazini na nyumbani, akanywa kikombe cha kahawa, akalalamika kidogo, akaenda zake. Jioni hiyo alikuwepo Kinyozi, mlango wake wazi ili amwone mteja akitokea. Alikuwepo Mama Cherehani, anapinda suruali ya shule mapajani. Alikuwepo mlinzi wa lile ghorofa la jirani, tunayemwita Profesa kwa sababu gazeti hulisoma mpaka matangazo ya vyumba vya kupanga. Na Fundi Friji, mkoba wa vifaa miguuni, simu mkononi. Mimi nilichelewa, nikasimama.

— Si uandike, bwana! alisema Kinyozi. Unaandika unafuta, unaandika unafuta. Ungekuwa unanyoa, huyo mteja saa hizi ana upara.

— Anamwandikia nani? niliuliza.

— Baba Pacha, alinijibu Mama Cherehani bila kuinua macho. Yule wa karate.

Habari zake tulizijua nusu nusu. Kila Jumamosi Fundi alikuwa anampeleka binti yake mazoezi ya karate, na wazazi walisubiri nje kwenye ngazi. Hapo akazoeana na mwoka mikate mmoja, baba wa pacha. Walianza na mvua, wakaja kwenye magoti yanayouma, mwisho wakafika kwenye mambo ambayo mtu hamwambii kila mtu. Kisha mwalimu wa karate akahama mji, mazoezi yakafa. Wakaahidiana kutafutana.

— Na mmetafutana? aliuliza Profesa.

— Kila siku. Yeye ananiandikia "tutafutane, ndugu." Mimi namjibu "lazima." Basi.

— Sasa shida iko wapi? Mbona mnaelewana vizuri?

— Jana kaandika, "Umepotea, au nimekukosea?" Fundi aliigeuza simu kifudifudi juu ya paja. — Nikimjibu "tutafutane" tena, imekwisha hiyo. Hataandika tena. Na mimi ningekuwa yeye nisingeandika.

— Mwambie mkutane Jumapili, alisema Profesa.

— Jumapili namwogesha mama mkwe, na kumgeuza kitandani. Mke wangu yuko hospitali zamu ya mchana. Wiki ikibadilika, yeye usiku, mimi na watoto. Na Baba Pacha anaamka kuwasha tanuri watu wanapolala, analala watu wanapotoka kazini. Tulijaribu kupanga. Siku niliyopata mimi, hana yeye. Aliyopata yeye, binti yangu akashikwa na homa. Ya tatu tuliiahirisha wote wawili, na nikwambie kweli, nilishukuru. Nilikuwa nimechoka.

Ile shukrani sote tunaijua.

— Tatizo ni kupanga, alisema Kinyozi. Utotoni nani alipanga? Unatoka nje, unamkuta. Hujamwalika, hajakualika. Kesho unamkuta tena. Mkija kushtuka, mmeshakuwa marafiki. Sasa hivi rafiki anapangiwa tarehe kama mtu wa kung'olewa jino.

— Mimi rafiki yangu wa mwisho, alisema Mama Cherehani, tulijuana kwa sababu watoto wetu walinyang'anyana penseli. Tukaitwa shuleni wote wawili. Tukacheka njia nzima. Halafu watoto wakatenganishwa madarasa.

— Mkagombana? aliuliza Fundi.

— Kwa lipi? Tuliacha tu kukutana getini. Akipita leo nitamsalimia kwa furaha kabisa, na sitakuwa na la kumwambia.

— Kazi ndiyo mbaya, alisema Profesa. Serikali ingetoa likizo. Kuna likizo ya uzazi, kuna ya ugonjwa, iwepo na ya kutafuta rafiki. Unajaza maombi, unaleta wadhamini wawili wanaokufahamu vizuri...

— Wadhamini nitawatoa wapi, Profesa? Si ndio hao ninaowatafuta?

Hata Mama Cherehani alicheka, sindano ikamponyoka.

— Mimi nakupa dawa, alisema Kinyozi. Wewe fundi wa friji, sivyo? Mharibie friji yake. Atakuita. Ukitengeneza, unaacha nati moja haijakazwa. Atakuita tena. Hivyo hivyo mpaka mzoeane.

— Kwake sikujui.

— Hukujui?

— Tulikuwa tunakaa kwenye ngazi, kaka. Kwake ningekujulia wapi?

— Mwandikie basi kwamba umemkumbuka.

— Mwanamume umwandikie hivyo mwanamume mwenzako? alisema Mama Cherehani. Atapiga simu hapo hapo kuuliza nani amefariki.

Profesa alikunja gazeti. Nilijua linakuja jambo.

— Dawa ni ukwe, alisema. Binti yako na mmoja wa wale pacha. Wakikua wakipendana, nyinyi mmekuwa wakwe. Hapo mtakutana mtake msitake.

— Binti yangu meno ya mbele hana!

— Si ndio vizuri? Mna muda wa kutosha wa kupanga tarehe.

Fundi alicheka, ila macho yake hayakucheka. — Mnajua nini, alisema. Tangu marehemu baba aondoke, sina mtu wa kumpigia simu bila sababu. Nikimpigia mtu ananiuliza, "Kuna nini?" Huyu pale kwenye ngazi hakuwahi kuniuliza kuna nini.

Muuza kahawa, aliyechuchumaa kando ya benchi, alitikisa birika. — Imebaki ya kikombe kimoja, wakubwa. Nani?

— Nipe mimi, ilisema sauti nyuma yangu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, tai imelegea, mkononi mfuko wa mboga. Sura yake haikuwa ngeni kwa yeyote. Alipokea kikombe, akatusalimia, tukamwitikia. Kisha hakuondoka.

— Samahani, alisema. Nimehamia hapa muda mrefu sasa. Kila jioni napita nawakuta mnacheka. Mtu akitaka kukaa hapa, anamwomba nani?

Kinyozi alimtazama Mama Cherehani. Mama Cherehani akamtazama Profesa. Profesa, ambaye kila asubuhi humfungulia mtu huyu geti, alilikunjua gazeti upya. Kinyozi, ambaye alishamnyoa mara nyingi, alianza kusema kwamba benchi, unajua, lenyewe, lilikuwepo tu. Akaishia hapo. Mimi je? Sikumbuki kama niliwahi kumwomba mtu. Nadhani mvua ilinikuta hapa.

Fundi Friji aliinuka. Muda wake ulikuwa umekwisha, nyumbani zamu ilikuwa inabadilika. Aliuvuta mkoba wa vifaa, akapiga benchi kwa kiganja kuondoa vumbi.

— Kaa hapo, bwana.

Yeye mwenyewe akabaki wima, anaandika. Safari hii hakufuta. Alipomaliza akanigeuzia simu nisome: "Hujanikosea. Jumamosi asubuhi nampeleka binti kununua viatu, kisha nafuata dawa za mama mkwe. Mizunguko tu. Njoo na pacha tuzunguke wote."

— Mwaliko gani huu? nilisema. Kumsindikiza mtu duka la dawa?

— Nafasi nyingine sina.

Akatuma. Tulisubiri kidogo, kisha tukakumbuka kwamba waoka mikate saa hizo wamelala. Fundi aliitia simu mfukoni, akatuaga, akaenda akiwa ameushika mfuko wa suruali kwa nje, asikose simu ikitetemeka.

Benchini walikuwa wamerudi kwenye habari za maji kukatika. Profesa alimuuliza mgeni kama ghorofani nako yamekatika. Mgeni alisema yapo, ila hayana nguvu. Kahawa yake aliinywa kidogo kidogo, akikiangalia kikombe kila mara, kama mtu asiyejua kikishakuwa kitupu itambidi ainuke au la.