Alisema Sita, Nikasikia Tisa

Wenzangu, mwenyekiti amesema tuzime simu. Yangu sizimi. Sababu mtaisikia mwishoni, kwa hiyo msianze kunong'ona sasa hivi. Amesema pia niwe mfupi. Mfupi, kwa mdomo huu? Mnanisikia wenyewe namna neno moja linavyonichukulia muda. Nivumilieni, kama mimi ninavyowavumilia nyinyi kila Jumamosi.

Mimi ni seremala. Kiharusi kilinikuta karakanani Nyakato, nikipiga randa mbao ya mlango wa mtu. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukalala, mdomo ukaenda upande. Akili haikwenda popote, na hapo ndipo palipokuwa na kero. Maneno yote yalikuwepo kichwani, yamejipanga, mdomo ndio uliyakataa. Na mtu akiona mdomo umegoma anadhani akili nayo imeondoka, anaanza kuzungumza nawe kwa sauti kubwa kama uko ng'ambo ya ziwa.

Hospitalini nililazwa kitanda cha dirishani. Cha jirani alilala mzee mwenzangu, naye kiharusi, ila chake kilimwachia ulimi. Kila asubuhi alikuwa akiniuliza, "Wa dirishani, vipi?" Namjibu, "Bado niko hai." Wengine walisikia mlio tu. Yeye alielewa, akacheka, na mimi nikacheka kwa upande mmoja wa uso.

Siku anaruhusiwa, wakati anasukumwa kwenye kiti, akanitajia namba yake ya simu. Yangu hakuipata, maana nilipojaribu kuitaja hakuambulia kitu. Akasema kuna kikundi cha watu kama sisi, nikitoka nimtumie salamu anielekeze. Nikaibeba namba kichwani kwa kuirudia, kuirudia, mpaka nilipofika nyumbani kwa mwanangu, Buswelu.

Ndugu zangu, nawaambia, nyumba yenye watu wema inaweza kuwa kimya kupita kiasi. Mwanangu na mkewe wanaondoka asubuhi, wanarudi jioni wamechoka. Nikajikokota hadi dukani kununua kiberiti, muuzaji akaniambia niende nikalale, pombe itaisha. Pombe! Mtu ambaye hata soda inanisumbua tumbo. Nikajaribu kumpigia fundi mwenzangu, akanikatia simu akidhani ni mlevi anamchezea. Nikaacha kutoka. Nikaacha mazoezi. Kisha nikaacha vidonge vya presha. Sikusahau, msije mkanipa udhuru huo. Niliviacha makusudi, kwa kuwa sikuona ninavimeza kwa ajili ya nani.

Alasiri moja nikaikumbuka ile namba. Kuzungumza siwezi, basi niandike. Nina simu ya vitufe, ile ambayo kupata herufi moja unabonyeza mara tatu, na nilikuwa nabonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto ambao maisha yake yote kazi yake ilikuwa kushika mbao tu. Ilinichosha kuliko kutengeneza meza. Nikatuma hivi: "HABALI. NI WA KITANDA CHA DIRISHANI. BADO NIKO HAI." Hiyo habali ni makosa, najua, walimu mliomo humu msinikonyeze.

Jibu likaja: "Shikamoo. Samahani, nadhani umekosea namba, mimi siye unayemtafuta. Lakini salamu yako imenifikia. Unaendeleaje?"

Nilikasirika. Mwanangu alishanionya kwamba matapeli wanaanza hivyo hivyo. Kwanza ni namba iliyokosewa, kisha upole mwingi, kisha mtu ana shida ya hospitali. Nikajibu, "SINA HELA."

"Na mimi sina," akaandika. "Usinitumie hela. Usinitajie jina lako wala namba yako ya siri. Mimi wala mtu mwingine."

Tapeli gani huyo anayejifungia mlango mwenyewe? Nikamuuliza anataka nini.

Halafu akaandika: "Sitaki kitu. Umeandika kwamba bado uko hai. Nimeona si vizuri mtu aandike hivyo halafu asijibiwe. Umekula? Nani yuko karibu nawe?"

Wenzangu, nililia. Kulia kwa mtu wa kiharusi mnakujua, kukianza hakuna breki. Nikamwandikia kwamba sijala, na hakuna mtu. Nikamwambia na habari ya vidonge. Sijui kwa nini, labda kwa kuwa hakuwa akiniona. Hakunihubiria. Alisema yeye si daktari, ila nisimeze vingi kufidia nilivyoruka. Nile kitu, na mwanangu akirudi nimwonyeshe simu hii, asome mwenyewe nilichoandika, anipeleke nikapimwe presha kesho yake. Akaniomba nimwahidi. Nikamwahidi kwa hasira.

Ndipo akauliza, "Ile namba uliisoma mahali, au ulitajiwa kwa mdomo?"

Nikamwambia nilitajiwa.

"Basi inawezekana ni sita na tisa. Zikitajwa haraka watu wengi huzichanganya. Namba yangu ina tisa mbili. Huenda mojawapo ilikuwa sita."

Nilitaka kurusha simu ukutani. Hasira haikuwa kwake, ilikuwa kwa lugha yetu yenyewe. Nani alikaa akaamua namba mbili ziwe sita na tisa, herufi zilezile zimebadilishana nafasi, halafu watu wapewe simu?

Nikataka kutuma salamu kwenye namba zote zinazoweza kuwa yake. Akanizuia, akasema si kila atakayepokea atakuwa na moyo mzuri. Akaniuliza kama nalijua jina la rafiki yangu. Nikajibu nalijua ila simtajii. "Usinitajie," akasema. Akanielekeza: nifungue huduma ya kutuma pesa, nibonyeze alama za nyota na reli kama kawaida, niweke ile namba nikiwa nimebadilisha tisa moja kuwa sita, niweke kiasi kidogo. Kabla ya kuomba namba ya siri, simu itanionyesha jina la mwenye laini. Nilisome, kisha nikatishe hapo hapo, namba ya siri nisiiguse.

Nikabadilisha tisa ya kwanza. Likatokea jina la mama mmoja. Nikakatisha. Nikairudisha, nikabadilisha ya pili. Likatokea jina ambalo manesi walikuwa wakiliita kila asubuhi kitanda cha jirani. Nikakatisha, nikamtumia maneno yale yale. Hakuandika, alipiga, akanifokea: "Wa dirishani! Tangu lini nakusubiri?"

Yeye ndiye aliyenileta hapa, yule pale anayejifanya anatazama dari. Mwanangu alisoma ile simu akakaa chini, na kesho yake hakwenda kazini, alinipeleka kliniki. Presha ilikuwa juu, nikarudishiwa vidonge, na sasa navimeza mbele ya mkewe. Nawashukuru hao. Nawashukuru na nyinyi mnaonisubiri nimalize neno bila kunimalizia, isipokuwa wewe wa nyuma pale, ambaye unamalizia kila mara na unakosea.

Yule wa namba ya tisa mbili simjui. Mwanamume, mwanamke, mzee, kijana, sijui. Njia ile ile aliyonifundisha ingenipa jina lake, ila yeye hakuniuliza langu, basi na mimi sijalitafuta. Nawaambia hivi: siri zenu zifungeni, wezi wapo, lakini salamu ni salamu, ijibuni. Kumwambia mtu kwamba amekosea namba hakukugharimu chochote, na kumuuliza hali yake ni maneno mawili zaidi.

Sasa kuhusu simu. Kila Jumamosi kabla ya kuja huku namtumia, "BADO NIKO HAI," naye hujibu, "Nimefurahi." Leo asubuhi hakujibu hivyo. Ameandika, "Mimi pia. Kwa shida."

Nimemuuliza amekula nini, na nani yuko karibu naye. Bado hajajibu. Kwa hiyo mwenyekiti, nitakaa, lakini nitakaa nayo mkononi, na ikilia nitasimama tena hata kama mwenzangu mwingine anaongea.