Piga Simu Moja

Haki ya Mungu, haya ni kweli tupu, chumvi sijatia. Ndani ya treni ya asubuhi, fundi wa kuchomelea vyuma aliyeachishwa kazi alimwambia mshonaji aliyeketi naye mbele yangu, “Dada, kila siku najiambia kwenye kioo, mimi ni mshindi. Kioo chenyewe hakiniamini!”

Mshonaji akacheka. “Nami nilipopunguzwa kiwandani nilijidanganya hivyo hivyo. Kaka, jiambie, ‘Leo nitapiga simu moja ya kuulizia kazi.’ Ukishapiga, sema, ‘Nimepiga.’ Hapo moyo hauna la kubisha.”

“Na wasipopokea?”

“Kupokea ni juu yao. Juu yako ni kupiga.”

Fundi akachomoa simu, macho yanang’aa. “Nianze na nani?”

Ulimi ukaniponyoka. “Bosi wa karakana ya mageti ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana!”

“Haya babu, tutajie namba yake,” akasema mshonaji.

Nikababaika, kisha nikakiri kwamba ninayemjua ni mlinzi wake tu.

“Ala! Basi nawe piga simu moja,” akaniambia mshonaji.

Nikampigia mlinzi, nikabembeleza mpaka akanitajia namba ya bosi, nami nikampa fundi. Treni ikasimama. Fundi akashuka, simu sikioni, akitupigia kelele dirishani, “Inaita! Jamani, inaita!”